Ng'ombe wa Tarehe Thelathini na Moja Aprili

Dada yangu alijenga banda la ng'ombe kabla hajawa na ng'ombe. Alilijenga nyuma ya nyumba yake, Makambako, kwa mabanzi ya msonobari aliyoyaokota na kuyaomba viwandani, akaweka hori la kulishia, akamwaga sakafu ya zege yenye mteremko ili mkojo usituame. Pembeni akapanda mabingobingo. Majirani walimtania kwamba anafuga upepo, na upepo wa Makambako mnaujua, ukianza Julai unaweza kukuvua kilemba barabarani. Yeye alicheka nao, kisha akaendelea kupalilia majani ya ng'ombe ambaye hayupo.

Alikuwa na sababu. Tangu mama yetu afariki, mimi nikiwa bado shule ya msingi, dada alikaanga maandazi stendi. Maandazi yale ndiyo yaliyonisomesha. Moshi wa kuni ulimwingia machoni mwaka baada ya mwaka mpaka akawa anaangalia watu kwa kukunja uso, na wageni wakidhani ana hasira. Daktari alimwambia aachane na moto. Dada alimjibu kwamba ataachana nao siku atakapopata kitu kingine cha kushika. Kitu hicho kilikuwa ng'ombe wa maziwa.

Kulikuwa na mradi mdogo wa kanisa, wa kupokezana ng'ombe. Ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza si wako. Akishaacha kunyonya unampa mwenzako anayefuata kwenye foleni, na huyo naye ng'ombe wake akizaa jike anampa mwingine. Dada alikuwa anafuata baada ya mama mmoja jirani yake, nyumba ya tatu, mjane mpole anayelima viazi. Mtamba wa mama yule alikuwa tayari ana mimba. Kwa hiyo tumbo la ng'ombe wa jirani lilikuwa ndilo tumaini lote la dada yangu, naye hakuona haya kulisema. Kila nikimpigia simu, baada ya salamu, alianza na ng'ombe.

Mimi nilikuwa Njombe. Naandika programu za kompyuta, kazi ambayo watu wa ukoo wetu bado hawajaielewa. Shangazi yangu mmoja wa Mdandu anaamini natengeneza redio. Nilikuwa nimepanga chumba juu ya duka la pembejeo, meza moja, dirisha moja linaloingiza ukungu hata likifungwa, na jiko la mkaa la kupashia mikono asubuhi. Mradi wa ng'ombe uliponiita niwatengenezee mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu zao, niliikubali kazi kabla hawajamaliza kuieleza. Nilifikiri: kumbe hata mimi naweza kutia mkono kidogo, ng'ombe wa dada afike haraka.

Kumbukumbu zao zilikuwa kwenye kadi za karatasi, kadi moja kwa kila ng'ombe. Kadi za Makambako zilitunzwa na katibu wa kituo, mzee aliyewahi kusimamia josho la mifugo enzi zake, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Kazi yake mpya ilikuwa kuziingiza kwenye fomu yangu, kwa kompyuta ya kituo. Fomu iliuliza mambo machache tu: ng'ombe ni wa nani, anayefuata kupokea ndama ni nani, na tarehe aliyopandwa. Mengine mfumo ulifanya wenyewe. Ulichukua tarehe ya kupandwa, ukahesabu miezi tisa na siku zake za ziada, ukatoa tarehe ya kuzaa, kisha ukaandaa ujumbe wa simu kwa mfugaji, kwa mtaalamu wa mifugo na kwa yule anayesubiri ndama.

Wiki za kwanza mambo yalienda vizuri, au ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikatoa ripoti, nikaisoma na kikombe cha chai mkononi, nikaanza kucheka peke yangu. Ng'ombe wa Makambako walikuwa wanapandwa Mei Mosi. Si mmoja wala wawili, kundi zima, kana kwamba walisubiri sikukuu ya wafanyakazi wapate nafasi. Wengine walipandwa tarehe mosi Julai, wengine mosi Machi.

Nilijua ni nini kabla chai haijapoa. Lugha ninayoandikia programu ina upole wa kijinga kwenye tarehe. Ukiiambia itengeneze tarehe thelathini na moja ya Aprili, haikatai. Inahesabu siku thelathini za Aprili, inaona imebaki moja, inaisogeza mbele na kukurudishia Mei Mosi bila kusema neno. Ukiipa tarehe thelathini Februari itakupeleka Machi. Basi mtu alikuwa anaandika tarehe zisizokuwepo, na programu yangu ilikuwa inazipokea na kuzifanya ziwepo.

Kuziba tundu hilo si kazi kubwa, lakini ni kazi inayonipendeza. Unachukua siku, mwezi na mwaka kama mtu alivyoandika. Unakumbuka kwamba lugha yenyewe inahesabu miezi kuanzia sifuri, kwa hiyo Aprili kwake ni ya tatu, ukisahau hapo utamkatalia mtu mwenye tarehe halali na kumpitisha mwongo. Unaiacha iunde tarehe. Halafu unaigeukia na kuiuliza: haya, niambie siku gani na mwezi gani. Kama iliyopewa thelathini na moja ya mwezi wa nne inajibu moja ya mwezi wa tano, basi kilichotoka si kilichoingia, tarehe hiyo haipo, unamrudishia mwandishi. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata Februari ya mwaka mrefu inajipanga yenyewe, huna haja ya kukariri miaka. Niliandika ukaguzi huo mara mbili, kwenye fomu anayoiona mtu na kwenye kompyuta inayopokea, maana fomu peke yake haiaminiki. Kisha nikaujaribu. Thelathini Aprili, ikapita. Thelathini na moja Aprili, ikakataa. Ishirini na tisa Februari ikapita mwaka mmoja na kukataa mwaka uliofuata, kama inavyotakiwa.

Nikaandika na maneno ya kumwonyesha mtu aliyekosea, kwa rangi nyekundu: "Tarehe hii haipo. Andika tarehe sahihi." Niliyapenda maneno yale. Mafupi, hayana matusi, hayazunguki. Kichwa kilinivimba kidogo, sitaficha. Nikafuta tarehe zote za mosi zilizonitia shaka, nikamwomba katibu wa Makambako arudie kadi zile moja moja.

Siku iliyofuata akanipigia.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mzee wangu. Habari za huko?"

"Za huku ni upepo tu. Sasa, mashine yako inakataa kadi."

"Inasemaje?"

"Inasema tarehe haipo. Nimeandika thelathini na moja mwezi wa nne."

Nikacheka. Nilicheka kwa upendo, nilikuwa nampenda mzee yule, lakini nilicheka. "Mzee, Aprili ina siku thelathini. Kunja ngumi uhesabu kwenye vifundo. Januari kifundo, Februari bondeni, Machi kifundo, Aprili bondeni. Ikiangukia bondeni haina thelathini na moja."

Nikasikia gari likipita nje ya ofisi yake. Kisha naye akacheka. "Ee, bondeni," alisema. "Hayo tulifundishwa. Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika iliyo sahihi tu."

"Haya, mwanangu. Asante."

Nimeisikiliza simu ile kichwani mwangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kusikiliza wimbo wowote. Alinipa nafasi ya kuuliza. "Niandike nini?" ni swali la mtu anayetaka kuulizwa: kwani kuna nini? Mimi nikamjibu kama nilivyoiandikia mashine ijibu, maneno yale yale, nikakata simu nikarudi kwenye chai yangu.

Wiki hiyo hiyo dada alinipigia akiwa stendi, mafuta yakichemka nyuma ya sauti yake. Alikuwa amepata ujumbe. Alinisomea polepole kwa sababu ya macho: ng'ombe wa jirani yako anatarajiwa kuzaa mwanzoni mwa mwezi wa pili. "Umeandika wewe hii?" akauliza.

"Mashine ndiyo imeandika. Mimi nimeandika mashine."

"Basi ni wewe," alisema, akamsomea na mteja. Nilimsikia akimwambia, "Mdogo wangu ndiye anayejua ng'ombe watazaa lini." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hakuna sifa niliyowahi kuitaka maishani kama ya dada yangu.

Miezi ikaenda. Mvua zikaanza. Desemba nilikwenda Makambako kwa Krismasi, tukaenda wote kumtazama ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe tumboni, tumbo limetanda. Dada akamwekea mkono ubavuni akatulia, akaniambia nami niweke. Kitu kikasukuma kiganja changu kutoka ndani. "Huyo ni jike," dada alisema, kwa uhakika ambao hauna msingi wowote. Mama jirani akacheka, akasema akiwa jike atamwachilia kwa moyo mweupe, maana yeye naye alipewa hivyo hivyo.

Katikati ya Januari mama jirani akapata msiba, Mawengi, upande wa mama yake. Safari ya huko wakati wa mvua si ya kwenda na kurudi siku moja. Alijiuliza kuhusu ng'ombe, akatazama simu, Februari bado. Akamwomba dada amwangalie, amtilie maji na majani. Dada angekataaje? Ng'ombe mwenyewe alimbebea ndama wake.

Jumamosi jioni dada alikwenda, akamkuta ng'ombe hatulii. Analala, anainuka, anageuka kujitazama nyuma. Kiwele kilikuwa kimejaa na kung'aa. Dada si mgeni wa ng'ombe, tulikua nao kwa babu, alijua dalili hizo zinasema nini. Moyo ukamwambia abaki, au ampigie mtaalamu wa mifugo. Akatoa simu. Kabla hajapiga, akafungua ule ujumbe, akausoma tena. Mwanzoni mwa mwezi wa pili. Akaona haya kumsumbua mtu na pikipiki yake kwenye tope kwa ng'ombe ambaye tarehe yake bado wiki tatu. Akamwongezea majani, akaenda nyumbani.

Jumapili asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu, na kwa sababu ya Misa alimwomba jirani mwingine atupe majani juu ya ukuta. Yule akatupa akaondoka, hakuchungulia. Jioni dada alipofungua mlango alimkuta ndama chini, amekufa, miguu ya nyuma ikiwa ndiyo iliyotangulia. Alikuwa jike. Ng'ombe alikuwa amesimama juu yake akimlamba bado.

Alinipigia na hakulia, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alinieleza yote kwa mpangilio, majani, maji, kiwele, mvua. Kisha akasema, "Nilisoma simu badala ya kumtazama ng'ombe." Nikamwambia si kosa lake. Nikamwambia pia, Mungu anisamehe, kwamba ng'ombe huwa wanawahisha, yaani wiki tatu si ajabu. Nilikuwa naitetea mashine kabla sijamfariji dada yangu.

Jumatatu nilishuka Makambako. Mtaalamu wa mifugo alikuwa ameshamtibu ng'ombe, kondo la nyuma lilikuwa limekwama, lakini atapona. Ndama alizikwa nyuma ya shamba la viazi. Dada alikwenda stendi kukaanga, nami nikaenda kituoni, kwa sababu kila kifo cha ndama lazima kiingizwe kwenye mfumo, na mfumo ulikuwa wangu. Nilitaka kushika kitu.

Katibu alinipa pole, akaniwekea kiti pembeni yake, akafungua fomu. Jina la mfugaji. Ndama, jike. Sababu. Akafika kwenye tarehe, akasita. Dada alikuwa amemwambia ukweli: Jumamosi jioni alikuwa hajazaliwa, Jumapili jioni alikuwa amekufa, katikati hakuna ajuaye. Mzee akanyanyua kidole kimoja, akaandika thelathini na mbili. Akaandika mwezi wa kwanza.

Nyekundu ikatokea. "Tarehe hii haipo. Andika tarehe sahihi."

"Samahani," alisema haraka. "Mazoea." Akaanza kufuta.

Nikamshika mkono. "Mzee. Thelathini na mbili ni nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na mtu anayemjua. "Ni hatujui," alisema.

Akaenda kabatini akanitolea kadi. Kwenye kadi za Makambako, mfugaji akijua mwezi lakini asijue siku, aliandikwa siku moja mbele ya mwisho wa mwezi. Aprili, thelathini na moja. Mei, thelathini na mbili. Februari, thelathini. Walianza desturi hiyo zamani, yeye na mtaalamu wa mifugo, kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi tatu za tarehe na bosi wa wakati huo alikataa nafasi wazi, akisema nafasi wazi ni uvivu. Wakaona waandike siku ambayo haiwezi kuchanganywa na siku ya kweli. Mtaalamu akiiona anajua: huyu alikuwa na dume kundini mwezi mzima, usihesabu, nenda kavae glavu ndefu umpime mimba kwa mkono. Mbegu za kuhimilisha, za kupandishia ng'ombe bila dume, zilikuwa zinakosekana mara nyingi, kwa hiyo kadi za namna hiyo hazikuwa chache.

"Na hii?" Nilikuwa nimeishika kadi ya mama jirani. Kwa wino wa buluu, mwandiko mzuri: 31/4.

"Hiyo ndiyo niliyokupigia simu," alisema mzee. "Ulisema niandike iliyo sahihi. Sikuwa nayo. Nikaandika thelathini."

Nilimkasirikia. Nataka niliseme hilo, kwa sababu hasira ile ilikuwa ya uongo na nilijua wakati huo huo. Nilimuuliza kwa sauti ya juu kwa nini hakuniambia, kwa nini alicheka na kunikubalia vifundo vya ngumi kama mtoto wa darasa la pili. Kwa nini hata mtaalamu hakusema kitu. Mzee hakupandisha sauti.

"Mtaalamu aliletewa orodha yenye tarehe, akafurahi kwamba wafugaji siku hizi wanaandika," alisema. "Nami nilidhani mashine ina namna yake ya kujua. Na wewe ulikuwa unafurahi, mwanangu. Nilikosea, ningekuambia."

Tulikaa hapo na kadi mezani. Nje upepo ulikuwa unapiga bati. Hata yeye alikuwa na sehemu yake na aliichukua bila kubembelezwa, nami nilikuwa bado natafuta pa kuiweka yangu. Ukaguzi wangu haukuwa na kosa. Thelathini na moja Aprili haipo, ilikuwa haipo jana na haitakuwepo kesho, programu yoyote yenye akili lazima iikatae. Nilikuwa nimeandika kitu sahihi. Ila sikuwa nimeacha mahali popote pa mtu kusema sijui, na fomu ikimkataza mtu kusema hajui, atajaza chochote kinachopita. Kama ningekaa kwenye kiti kile siku moja mwezi Julai, nikinywa chai ya mzee yule, ningeliona hilo kwa macho. Ni saa moja tu kwa gari kutoka Njombe. Sikwenda kwa sababu kulikuwa na baridi na nilikuwa najua kila kitu.

Niliibadilisha fomu palepale kituoni, katibu akinitazama. Tarehe zisizokuwepo bado zinakataliwa. Chini ya nafasi ya siku niliweka kisanduku cha kutia alama: "Siku haijulikani." Ukikitia alama, unaulizwa mwezi na mwaka tu, mfumo hauhesabu tarehe ya kuzaa hata ungeubembeleza, na mtaalamu wa mifugo anapata ujumbe kwamba huyu akapimwe kwa mkono. Kwa ndama yule mwezi ulijulikana, siku tu ndiyo haikujulikana. Mzee akatia alama, akaandika Januari, akabonyeza kuhifadhi. Ikapita. "Sawa," alisema, "hiyo ni nzuri." Akamaanisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni nilimweleza dada yote, nikiwa nimekaa kwenye kibao jikoni kwake. Nilimweleza mpaka habari za lugha inayohesabu miezi kutoka sifuri, maana nilikuwa naogopa kufika mwisho. Alinisikiliza akichambua mchele, uso ameukunja, nikashindwa kujua kama ni hasira au ni macho. Mwishoni akauliza, "Sasa kile kisanduku umeshakiweka?"

"Nimekiweka."

"Basi wengine watapona." Akapeleka sinia ndani. Aliporudi alisema mama jirani atampandisha ng'ombe tena akipata nguvu, na akizaa dume hakuna kitu, na akizaa jike tutaona. Kisha akasema asubuhi ataenda stendi mapema kwa sababu kuni zimelowa. Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningeweza kujitetea, au kulia, au vyote viwili. Aliniwekea blanketi la pili, kama alivyofanya tangu utoto wangu, akalala.

Nilirudi Njombe. Nilikagua fomu zote. Nilipitia kadi zote za Makambako na mzee kwa simu, moja baada ya nyingine, na kila palipokuwa na thelathini za mashaka tuliweka alama. Mtaalamu akaenda kupima ng'ombe wale, na wawili kati yao walikuwa karibu kuzaa kuliko mfumo ulivyosema. Nikawa najisikia afadhali. Nikasema nimesafisha.

Mwanzoni mwa Februari, asubuhi ya ukungu mzito, simu ikaita. Dada. Saa hiyo huwa yuko stendi, lakini sikusikia mafuta. Nilisikia jogoo.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Krismasi. "Nimepata ujumbe wako. Unasema ng'ombe wa jirani anatarajiwa kuzaa wiki hii, niandae banda, watakuja kukagua. Nimeshafagia. Nimekata na majani, nimejaza hori. Leo sikwenda stendi." Nikasikia ufagio ukiegemezwa ukutani. "Huyu ni ng'ombe mwingine, eti? Mmenipangia kwa mwingine?"

Nikaelewa yote kwa mara moja, na ningetoa kitu chochote nisielewe. Ujumbe ule haukuhesabiwa siku hiyo. Ulihesabiwa Julai, dakika ile mzee alipoandika thelathini Aprili na mashine ikapita, ukawekwa kwenye foleni ukisubiri siku yake. Tulipoandika kifo cha ndama, mfumo ulifunga habari za ndama. Hakuna aliyeuambia ufute ujumbe. Hakuna, maana aliyepaswa kuuambia ni mimi.

"Dada," nilisema.

"Ee."

"Ni yule yule."

Kisha nikamsikia akitembea, na mlango wa mabanzi ukifungwa, ule mlango ambao huwa unagoma mpaka uuinue kidogo.

"Haya," alisema. "Basi majani haya nampelekea mama jirani, yasikauke bure." Akaniuliza kama Njombe kuna baridi, nikamwambia ipo, akaniambia nivae.